Asilimia 31 yangu, asilimia 4 ya mwenzangu: Turnitin inaona nini khasa?

"Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nasoma Historia na Kiswahili. Kwetu Wete, sasa nakaa dakhalia Tunguu. Insha yangu ya karafuu nimeiandika mwenyewe na kila kitabu nimekitaja, lakini Turnitin imenipa asilimia 31, rangi ya manjano. Mwenzangu kachukua makala ya Kiingereza, kaitafsiri yote kwa Kiswahili, kapata asilimia 4, kijani. Hiyo programu inaona nini khasa, na nini haikioni? Na mimi nibadilishe maneno mpaka ishuke chini ya 20? Insha na ripoti nimeviambatanisha."

Waalaykumu salaam, mwanangu. Ripoti yako nimeisoma mstari kwa mstari, na insha nimeisoma pia, maana moja bila ya nyingine haisemi kitu.

Namba uliyopewa si hukumu. Programu hii haijui nani kaiba na nani hakuiba, wala haikutengenezwa ijue hilo. Inachofanya ni kutafuta mfululizo wa maneno katika kazi yako ambao tayari umo kwenye hazina yake, yaani kurasa za mtandao, majarida ya kitaaluma na kazi ambazo wanafunzi wengine wamewahi kuziwasilisha. Ikimaliza, inahesabu ni sehemu gani ya maneno yako yote iliyokutwa kwingine. Rangi zinatoka kwenye hesabu hiyohiyo: bluu pasipokutwa kitu, kijani mpaka 24, manjano kuanzia 25 mpaka 49, rangi ya chungwa 50 mpaka 74, na nyekundu kuanzia 75. Mipaka hiyo ni ya kumsaidia mwalimu apitishe jicho haraka kwenye orodha ndefu ya majina. Mtu wa 24 hakuwa mwaminifu kuliko mtu wa 25.

Ili uelewe kwa nini wewe umepata kubwa na mwenzako dogo, lazima uone namna maneno yanavyolinganishwa. Kila kampuni ina fomula yake na haiitangazi, lakini msingi unajulikana, na unaweza kuufanya mwenyewe kwa kalamu. Chukua sentensi hii, iwe ndiyo iliyomo kitabuni:

"Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuifanya Pemba kuwa kisiwa kikuu cha karafuu."

Ni maneno 17 ukiuhesabu na mwaka. Sasa yasome matanomatano: neno la 1 mpaka la 5, kisha la 2 mpaka la 6, kisha la 3 mpaka la 7, hivyo hivyo mpaka mwisho. Utapata vipande 13. Kompyuta hukigeuza kila kipande kuwa namba, ikaiweka namba hiyo hazinani. Insha yako ikiingia, nayo hukatwa vivyo hivyo, halafu namba zinalinganishwa. Hiyo tano nimeichagua mimi kwa mfano tu.

Mwanafunzi wa kwanza ananakili sentensi yote ila anabadilisha neno moja: badala ya "kiliangusha" anaandika "kiliharibu". Anadhani kajificha. Neno hilo ni la tano, kwa hivyo limo kwenye vipande vitano vya mwanzo, navyo vyote vitano vimevunjika. Lakini vinane vilivyobaki viko vilevile, na ukiviunganisha vinafunika kuanzia "mikarafuu mingi" mpaka "cha karafuu", maneno 12 kati ya 17. Programu nyingi pia zinaruka pengo la neno moja na kuendelea kupaka rangi, kwa hivyo hata yale manne ya mwanzo huenda yakaguswa. Kubadilisha neno moja moja kwa kisawe hakumfikishi mtu popote.

Mwanafunzi wa pili anaigeuza sentensi: "Mikarafuu mingi ya Unguja iliangushwa na kimbunga cha mwaka 1872, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza kwa karafuu." Ikate vipandevipande. "Mikarafuu mingi ya Unguja" ni maneno manne, kisha linakuja "iliangushwa", ambalo kwenye sentensi ya kitabu halimo. "Kimbunga cha mwaka 1872" nayo ni manne, kisha yanafuata maneno mengine. Hakuna hata kipande kimoja cha maneno matano kinacholingana, na ripoti itamwambia sifuri. Lakini habari ni ileile, hoja ni ileile, mpangilio wa sababu na matokeo ni uleule. Asipotaja chanzo, kaiba sawasawa na yule wa kwanza. Tofauti ni kwamba wa kwanza ameonekana.

Hapo Kiswahili chetu kina jambo lake. Kitenzi hubeba mambo mengi ndani ya neno moja: nafsi, wakati, mtendwa, kauli. "Kiliangusha" na "iliangushwa" kwako na kwangu ni mti mmoja na shina moja, lakini kwa programu inayolinganisha herufi ni maneno mawili yasiyojuana. Kwa Kiingereza mabadiliko kama hayo mara nyingi huacha vineno vidogo vidogo vikiwa mahali pake. Kwa Kiswahili ukigeuza kauli tu, neno zima limekuwa jingine na upatanisho wa sentensi yote umehama. Ongeza na hili: maandishi ya Kiswahili yaliyomo kwenye hazina hizi ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Vitabu vingi vya historia yetu viko kwenye karatasi tu, kwenye rafu za maktaba na kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na programu haiwezi kukuta kisichowahi kuingizwa kwake. Kwa hivyo asilimia ndogo kwenye insha ya Kiswahili haina uzito sawa na asilimia hiyohiyo kwenye insha ya Kiingereza. Natamani kila mwalimu anayesahihisha kazi za Kiswahili alijue hilo.

Sasa tuje kwenye 31 yako. Insha ina maneno 1,600 pamoja na jalada na marejeo, na yaliyopakwa rangi ni 496. Nimeyagawa kwa jinsi yalivyo.

Maneno 208, yaani asilimia 13, ni orodha yako ya marejeo. Ni lazima ilingane. Jina la kitabu, mwaka, mchapishaji na mji huandikwa kwa namna moja na kila aliyewahi kukitaja kitabu hicho. Orodha ya marejeo ambayo hailingani na chochote ndiyo ingenitia shaka, kwa sababu mtu anayebuni vitabu ambavyo havipo huonekana msafi kabisa hapo.

Maneno 80, asilimia 5, ni jalada na swali la insha. Darasa zima limenakili swali lilelile na jina lilelile la kozi, kwa hivyo mmelingana nyinyi kwa nyinyi. Maneno 64, asilimia 4, ni nukuu zako mbili, zina alama za kufungua na kufunga, na umeweka mwandishi na ukurasa. Hizo ni halali. Mwalimu anaweza kuiambia programu isihesabu marejeo na nukuu. Wako hakufanya hivyo, na wengi hawafanyi, kwa sababu mpangilio wa mwanzo huachwa kama ulivyo.

Hapo tumefika 22. Tisa zilizobaki, maneno 144, ni aya mbili za ukurasa wa tatu, ile ya kimbunga na ile ya Wapemba kupokea wachumaji wakati wa msimu. Hizi ndizo nataka tuzizungumze kwa uwazi, mwanangu, kwa sababu hapa programu imekuona kwa haki. Mwisho wa kila aya umemtaja mwandishi, na bila shaka ndiyo maana ukasema kila kitabu umekitaja. Lakini maneno yaliyomo ndani ni yake, si yako. Umetoa neno hapa, umetia neno pale, kama yule mwanafunzi wa kwanza. Ukimtaja mwandishi bila ya alama za nukuu, unamwambia msomaji: habari ni ya fulani, lugha ni yangu. Na lugha si yako. Sioni nia mbaya. Ni tabia tuliyotoka nayo skuli, ambako tulisifiwa kwa kurudisha daftari la mwalimu neno kwa neno. Chuoni tabia hiyo inaitwa wizi wa kitaaluma hata kama jina la mwenye mali lipo.

Huenda umeshangaa kuona ripoti inataja, karibu na aya hizo, blogu moja na kazi ya mwanafunzi wa chuo kingine, wakati wewe umesoma kitabu. Programu haisemi ulikochukua. Inasema ilikokuta. Kitabu chenyewe hakimo hazinani, lakini mtu mwingine kabla yako alinakili aya hiyohiyo akaiwasilisha au akaibandika mtandaoni, nawe umelingana naye. Ndiyo maana ripoti haisomwi kwa kutazama namba na majina ya vyanzo tu. Inafunguliwa, na kila palipopakwa rangi panasomwa.

Kuhusu mwenzako, alichofanya ni kitu ambacho ulinganishaji wa maneno hauwezi kukiona, kwa sababu hakuna neno hata moja la Kiingereza lililobaki. Hiyo 4 yake nadhani ni jalada na swali. Zipo programu zenye uwezo wa kuitafsiri kazi kwanza kwenda Kiingereza kisha zikailinganisha, lakini hilo hutegemea lugha ipi inahudumiwa na kama chuo kimelinunua na kuliwasha. Asiweke matumaini yake hapo, wala asijifariji hapo.

Anayeona ni mwalimu. Nakupa dalili moja ambayo mimi nimeizoea kwenye kazi za historia ya visiwa hivi. Waandishi wa Kiingereza wana kawaida ya kuandika "Zanzibar" wakikusudia Unguja peke yake, kwa hivyo makala zao hutaja Zanzibar na Pemba kama visiwa viwili. Mwanafunzi anayetafsiri kwa haraka huandika "uzalishaji wa karafuu wa Zanzibar na Pemba." Mtoto wa Wete, aliyekua akisikia Unguja na Pemba tangu hajaanza chuoni kwa sheikh, hawezi kuandika hivyo kwa kichwa chake. Kisha utakuta karafuu "zilicheza nafasi muhimu katika uchumi", na hakuna Mswahili anayesema zao linacheza nafasi. Utakuta "kama jedwali la 3 linavyoonyesha", na insha haina jedwali. Utakuta anataja nyaraka zilizoko London kana kwamba amezishika mwenyewe. Mwalimu akishafika hapo hahitaji asilimia. Anamwita na kumuuliza swali moja: "Hili jedwali uliliona wapi?"

Kutafsiri kwenyewe si kosa. Ukisoma aya ya Kiingereza, ukaitafsiri, ukasema ni tafsiri yako kutoka kwa fulani, ukurasa fulani, hiyo ni kazi nzuri na inahitaji ujuzi. Lakini insha nzima ikiwa ni tafsiri ya makala moja, hata akimtaja mwandishi hajaandika insha. Hoja ni ya mwingine, ushahidi ni wa mwingine, mpangilio ni wa mwingine. Wewe si mwalimu wake, na sikuombi ukamshitaki. Ukiweza mwambie akaiandike upya kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu baada ya hapo mambo yanatoka mikononi mwake.

Yapo na mengine ambayo programu hupitwa nayo: insha aliyoandikiwa mtu kwa pesa, mahojiano ya kubuni na wazee ambao hawakuhojiwa, takwimu zilizopachikwa, hoja iliyochukuliwa bila ya maneno yake. Yote ni udanganyifu, na yote yanaweza kupata kijani safi. Vipo pia vijanja vya kuihadaa programu, kama kuchomeka herufi za alfabeti nyingine zinazofanana na za kwetu au kuficha maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe. Programu za sasa huvitafuta vitu hivyo na kumwekea mwalimu alama ya tahadhari. Mtu akikutwa navyo hawezi tena kusema hakujua.

Kabla ya kurekebisha, kuna mtego mmoja unaowanasa hata wanafunzi waaminifu. Usiipeleke rasimu yako kwenye akaunti ya rafiki wa chuo kingine "aijaribu". Kazi ikiwasilishwa, kwa kawaida inawekwa hazinani, isipokuwa mwalimu wa kozi hiyo amechagua isihifadhiwe. Ukija kuwasilisha ya kwako halali, itakutana na rasimu yako mwenyewe iliyowasilishwa kwa jina la mtu mwingine, na utaona karibu na 100. Ripoti itasema tu kwamba imelingana na kazi ya mwanafunzi wa chuo fulani, na mwalimu hataiona kazi hiyo mpaka aombe ruhusa ya chuo hicho. Vivyo hivyo tovuti za bure zinazokwambia "pakia tukukagulie": hujui wanalipeleka wapi faili lako. Kama hilo limeshatokea, mwambie mwalimu mapema na umwonyeshe rasimu zako zenye tarehe. Anaweza kukiondoa chanzo hicho kimoja kwenye hesabu.

Sasa kazi yenyewe. Usizibadilishe aya hizo mbili neno kwa neno ukitazama namba inashuka. Ukifanya hivyo utakuwa umehama kutoka kwa mwanafunzi wa kwanza kwenda kwa wa pili, na Kiswahili chako kitaharibika njiani. Nimewahi kusoma insha ambayo "mikarafuu" iligeuzwa "miti ya viungo" ili tu ikwepe rangi, na maana yote ikapotea. Fungua kitabu, soma kurasa zote za kimbunga, si aya ile tu. Kifunge. Kisha jiulize hii habari inaifanyia nini hoja yako. Wewe swali lako ni kwa nini Pemba iliipita Unguja kwa karafuu, na kitabu kinasimulia tu kilichotokea. Basi aya yako haina haja ya kufuata njia ya kitabu. Inaweza kuanza kwa hoja yako na kuuleta ushahidi baadaye, mfano hivi:

"Kuongoza kwa Pemba hakukutokana na ardhi peke yake. Mpaka kufikia 1872 mashamba makubwa ya Unguja yalikuwa bado yamesimama, na ni kimbunga cha mwaka huo, kilichoidhuru zaidi Unguja, ndicho kilichobadilisha mizani (hapa unaweka mwandishi, mwaka na ukurasa). Kwa hivyo ukitaka kueleza nafasi ya Pemba leo, lazima utofautishe iliyokuwa bahati ya hali ya hewa na iliyokuwa juhudi ya wakulima baada ya hapo."

Ona kwamba chanzo kimewekwa pale ambapo habari yake inaishia, na sentensi inayofuata ni yako, msomaji anaona mpaka. Hiyo ndiyo tofauti ambayo aya zako za sasa hazina. Na kama kuna sentensi ya mwandishi ambayo ni nzuri mno huwezi kuiacha, iweke nzima ndani ya alama za nukuu na uiache ilingane.

Ukishamaliza, namba itakuwa kama 22, na chini ya 20 huenda isifike. Usiyaguse marejeo yako, usiifute nukuu, usilikate swali kwa ajili ya hizo mbili. Tazama kwanza mwongozo wa chuo chako, maana kila chuo kina kiwango chake na vingine vinahesabu baada ya kutoa marejeo. Kama mwongozo una kikomo cha 20, mwandikie mwalimu mistari miwili umwombe aitazame ripoti bila ya marejeo na nukuu. Bila ya hayo utabaki karibu na asilimia 5, nayo ni jalada na swali.

Na panga muda wako. Ikiwa mwalimu ameruhusu kuwasilisha upya, ripoti za marudio matatu ya mwanzo hutoka mapema, lakini kuanzia la nne utasubiri saa 24 ndipo uione nyingine. Andika upya leo au kesho, wasilisha mara moja, uisome ripoti ukiwa bado na siku mbili tatu mkononi.